Watu 40 kati ya 312, kila mmoja mara moja tu: RAND, RANK na INDEX

(Haya niliongea na wadodosaji wetu siku moja kabla hawajaenda fildi. Wengi waliomba niyaandike, nimeyaandika hivyo hivyo kama nilivyoyasema.)

Wazee wangu shikamooni, wadogo zangu habari za asubuhi.

Sitawachosha na dodoso, dodoso mmelifanyia mazoezi wiki nzima. Leo nataka tukae na ile karatasi yenye majina 40 mtakayopewa kesho, imetoka wapi, na kwa nini ni hao 40 na sio wengine. Maana mkulima wa kwanza mtakayempita mlangoni bila kumhoji atawauliza, "mbona jirani yangu mmemfuata mimi mmeniruka?" na lile jibu la "ndo tulivyopangiwa" kwa kweli sio jibu. Nataka kila mmoja wenu aweze kufungua Excel kwenye laptopu mbele ya katibu wa chama akamwonyesha hatua kwa hatua jinsi majina yalivyotoka.

Kazi yetu mnaijua. Tuna AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, rejista ina wanachama 312, mafuta ya pikipiki na siku tulizonazo zinatosha kuhoji 40. Swali kubwa ni salfa, ile dawa ya mikorosho, ilimfikia mkulima lini, mifuko mingapi, na je aliipata kabla mikorosho haijaanza kushambuliwa na ubwiriunga au baada.

Sasa angalieni rejista yenyewe imekaaje. Imeandikwa kwa mpangilio wa kujiunga. Wale wa juu kabisa ni waanzilishi, na waanzilishi wengi wanaishi karibu na ghala, lori la salfa likishusha mzigo wanaliona kwa macho yao. Wa chini ni waliojiunga juzi juzi, wengi wako vitongoji vya mbali na wengi ni kinamama. Ukichukua 40 wa mwanzo kwa sababu ndo wako juu, utaandika ripoti inayosema salfa inawahi kwa wote, na hutakuwa umedanganya jibu hata moja, kila uliyemhoji kasema kweli, ila umehoji watu wa karibu na ghala tu. Ndo maana tunataka kila mwanachama kati ya wale 312 awe na nafasi ileile ya kuchaguliwa, 40 juu ya 312, kama asilimia 13 hivi, awe mwanzilishi awe wa juzi.

Wengi mkisikia "kwa bahati nasibu" mnakimbilia hii, nimeiona kwenye laptopu tatu humu ndani asubuhi hii:

```
=INDEX($B$2:$B$313,RANDBETWEEN(1,312))
```

Alafu unaivuta chini mistari 40. Inaonekana nzuri, majina yanatoka. Shida ni kwamba kila mstari unachagua peke yake bila kujua mwenzake kachagua nani, ni sawa na kuchomoa kikaratasi kwenye kofia, unasoma jina, unakirudisha, unachomoa tena. Jina lilelile linaweza kutoka mara mbili. Na msidhani ni bahati mbaya ya mara moja moja, ukipiga hesabu kwa 40 kati ya 312, nafasi ya kupata angalau jina moja lililojirudia ni kama asilimia 93, yaani karibu kila mara. Kwa wastani unabaki na watu tofauti 37 au 38 badala ya 40. Alafu unasema ngoja nifute huyu aliyejirudia nichague mwingine, ukigusa seli moja tu orodha nzima inabadilika, unaanza upya, jioni inakukuta hapo hapo.

Tunachotaka ni kofia ambayo kikaratasi kikitoka hakirudi. Na hapo ndo RANK inapoingia.

Ngoja nianze na watu sita tu kwenye ubao, wale wa 312 tutawafikia. Mtaa wetu una fundi baiskeli, mama lishe, bodaboda, mwalimu, mshonaji na muuza samaki, kwa mpangilio huo, namba 1 mpaka 6. Nataka watatu. Pembeni ya kila mmoja naandika =RAND(), ambayo inatoa desimali yoyote kuanzia 0 mpaka karibu na 1 ila 1 yenyewe haiifiki. Tuseme zimetoka 0.42, 0.91, 0.07, 0.66, 0.18 na 0.73. Hizo namba zenyewe hazina maana yoyote, hazimhusu fundi wala mama lishe, kazi yake ni kuchanganya tu.

Sasa nauliza swali moja kwa kila namba, wewe ni wa ngapi kwa ukubwa? 0.42 ni ya nne. 0.91 ni ya kwanza. 0.07 ni ya sita. 0.66 ya tatu, 0.18 ya tano, 0.73 ya pili. Hiyo ndo kazi ya RANK, haifanyi kingine. Angalieni nilichopata: 4, 1, 6, 3, 5, 2. Ni zile namba 1 mpaka 6, zote zipo, hakuna iliyokosekana na hakuna iliyotokea mara mbili, zimevurugwa tu kama karata. Haiwezekani watu wawili wote wawe wa nne kama desimali zao hazilingani. Kurudia kumezuiwa hapo hapo, hatuhitaji kufuta chochote.

Nataka watatu, basi nachukua namba tatu za juu kwenye ile kolamu, 4, 1 na 6, nampa INDEX aniletee mtu wa nne, wa kwanza na wa sita kwenye orodha. Mwalimu, fundi baiskeli, muuza samaki. Basi.

Kuna kitu hapa kinawachanganya watu na naomba mkikamate vizuri. Mstari wa kwanza una fundi baiskeli, una 0.42, una 4, lakini aliyechaguliwa na mstari huo ni mwalimu. Ile 4 sio cheo cha fundi, ni maelekezo ya "nenda kamlete wa nne". Mtu akiangalia shiti haraka haraka atasema fomula imekosea mbona jina halilingani na la pembeni. Haijakosea. Ndo maana matokeo huwa nayaweka mbali kidogo, naacha kolamu moja tupu katikati, jicho lisiyaunganishe.

Haya, turudi kwa AMCOS yetu. Kolamu A ni namba ya mwanachama, B jina, C simu, D kitongoji, mstari wa kwanza ni vichwa, data inaanza mstari wa 2 inaishia 313. E2 unaandika hii na kuivuta mpaka E313:

```
=RAND()
```

F2 unaandika hii nayo unaivuta mpaka chini kabisa F313, sio mistari 40, mpaka chini, sababu nitawaambia:

```
=RANK(E2,$E$2:$E$313)
```

Unaruka kolamu G. H2, I2, J2 na K2 unaandika hizi na kuzivuta mistari 60, yaani mpaka mstari wa 61. 40 ni wahojiwa, 20 ni akiba:

```
=INDEX($A$2:$A$313,$F2)
=INDEX($B$2:$B$313,$F2)
=INDEX($C$2:$C$313,$F2)
=INDEX($D$2:$D$313,$F2)
```

Mnaona zote nne zinaangalia F2 ileile. Namba, jina, simu na kitongoji vinatoka kwa mtu mmoja kwa sababu vimeulizwa kwa namba moja. Kuna kijana aliwahi kuweka RAND yake kwa majina na nyingine kwa simu, akapata jina la huyu na simu ya yule, wadodosaji wakashinda siku nzima wanapiga simu kuulizia watu wasiojulikana.

Wenzetu mlioleta laptopu kutoka Bukavu, kama Excel yenu ni ya Kifaransa msihangaike kutafuta RAND, andikeni ALEA, RANK ni RANG, INDEX inabaki INDEX, na pale penye koma wekeni nukta mkato. Na wenye Excel mpya kabisa najua kuna njia fupi zaidi, ila laptopu nyingi za ofisi zetu ni za zamani na njia hii inafungua kote, hata Google Sheets.

Mkono umeinuliwa hapo nyuma... ndio dada. Anauliza kwa nini tusipange tu orodha nzima kwa kolamu E tukachukua 40 wa juu. Swali zuri. Unaweza, na kihesabu ni sawa kabisa. Mimi sipendi kwa sababu mbili. Ukikosea ukachagua kolamu moja tu wakati wa kupanga, majina yanahama simu zinabaki, rejista ya watu imeharibika na pengine hutagundua. Ya pili, ukishapanga tu RAND zote zinabadilika, kwa hiyo desimali utakazoziona pembeni sio zile zilizopanga, ukiulizwa "onyesha huyu alitokaje" huna cha kuonyesha. INDEX inaiacha rejista ilivyo, kwa mpangilio uleule wa daftari la katibu, naye anaweza kuweka kidole kwenye daftari na kidole kwenye shiti.

Sasa zile alama za dola. Watu wanaziona kama pambo. Ukiandika RANK(E2,E2:E313) bila dola alafu ukaivuta, mstari unaofuata unakuwa RANK(E3,E3:E314), unaofuata E4:E315, dirisha linateremka na wewe. Kila mstari unalinganishwa na waliobaki chini yake tu, waliopita juu wamesahaulika. Ukifika mstari wa arobaini, F41, umebaki unalinganisha namba 273, kwa hiyo hauwezi kutoa 274 wala 312 hata iweje. Kurudia kunarudi, na waliojiunga mwisho wanapungukiwa nafasi. Na Excel haitakuambia kitu, hakuna alama ya kosa, majina yatatoka vizuri tu. Cha kufanya ni kushuka mpaka chini kolamu F ukaangalia mistari mitatu ya mwisho. Kama dola zimekosekana F313 lazima iwe 1, maana imebaki peke yake haina wa kulinganishwa naye, F312 ni 1 au 2, F311 haizidi 3. Ukiona hivyo rudi juu ukaweke dola.

Ila kuna kipimo kimoja kinachokamata hilo na mengine, na ndo sababu nimesema F ivutwe mpaka chini. Kwenye seli yoyote tupu andika:

```
=SUM(F2:F313)
```

Jibu lazima liwe 48828. Kwa nini? Kama F ina kila namba kuanzia 1 mpaka 312 mara moja moja, 1 na 312 ni 313, 2 na 311 ni 313, jozi ziko 156, mara 313 ni 48828. Ukipata pungufu kuna namba imejirudia mahali. Ukipata #N/A kuna mstari hauna desimali.

Hiyo #N/A nina kisa nayo, na nakisimulia kwa sababu kinaniuma mpaka leo. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye utafiti mwingine, shirika silitaji, rejista ilikuja na watu 300, tukatengeneza shiti, tukajaribu, ikawa safi. Siku mbili baadaye chama kikatuletea wanachama wapya 12, tukawabandika chini ya orodha, tukarekebisha fomula za INDEX na RANK zisome mpaka mstari wa 313, tukaridhika. RAND tukasahau kuivuta. Na F tulikuwa tumeivuta mistari 40 ya juu tu. Fikirieni kilichotokea, desimali ziko 300, kwa hiyo RANK inatoa 1 mpaka 300, INDEX iko tayari kuleta mpaka wa 312 lakini hakuna anayemwambia amlete wa 301. Wale wapya 12 hawakuwa na nafasi ndogo, hawakuwa na nafasi kabisa. Na walikuwa ndo wale wa kitongoji cha mwisho, wote. Hakuna seli iliyokuwa nyekundu, hakuna kosa, 40 walitoka, hawakujirudia, tukahoji tukamaliza. Tuligundua wakati wa kurudisha matokeo kwenye mkutano wa chama, mama mmoja akasimama akauliza kwa nini kitongoji chao hakuna hata mmoja, nikasema ni bahati nasibu mama. Nilimjibu hivyo mbele ya watu. Usiku nikafungua faili nikaona.

Kama F ingekuwa imevutwa mpaka chini, F302 mpaka F313 zingeandika #N/A, maana RANK ingetafuta namba isiyokuwepo, na ile jumla nayo ingekataa. Ndo maana nasisitiza, vuteni mpaka chini hata kama mnahitaji 40 tu.

Kosa la upande wa pili, orodha ya INDEX ikiwa fupi kuliko desimali, hilo halinitishi, litakuletea #REF! utaliona tu.

Kuhusu desimali mbili kulingana, kwa RAND ilivyo zina tarakimu nyingi mno, kwa watu 312 sahauni. Inatokea pale mtu anapotaka shiti ipendeze akaandika ROUND(RAND(),2). Hapo una desimali zisizozidi 101 kwa watu 312, lazima zigongane, na RANK ikiona mbili zinalingana inazipa cheo kimoja, yaani mtu huyohuyo mara mbili. Na kuna njia nyingine ya kimya kimya, umezigandisha desimali vizuri zisibadilike tena lakini umeiweka kolamu ionyeshe tarakimu mbili, alafu ukasevu kama CSV, faili linaandika kile kinachoonekana, ukilifungua tena tarakimu nyingine zimeshapotea. Msisevu CSV faili la kuchagulia. Kama umelipokea hivyo na huna jingine, fomula ya F iwe hii, inampa wa pili cheo kinachofuata:

```
=RANK(E2,$E$2:$E$313)+COUNTIF($E$2:E2,E2)-1
```

Sasa kugandisha. RAND haitulii. Ukiandika chochote popote kwenye shiti, ukibofya F9, ukifungua faili kesho, namba zote zinabadilika na majina 40 yote yanabadilika. Nimeona ofisi imeprinti majina usiku, asubuhi wakafungua tena wakaprinti simu, karatasi mbili za watu tofauti kabisa zimebanwa na pini moja. Kwa hiyo ukishahakiki jumla ni 48828, chagua E2 mpaka E313, Ctrl+C, kisha Ctrl+Alt+V, bofya V, Enter. Bofya E2 uangalie juu kwenye mstari wa fomula, ukiona namba ndefu umegandisha, ukiona =RAND() bado.

Na ni lazima ugandishe kabla hujaangalia majina. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu shinikizo mtalipata. Kiongozi atakuwa nyuma yako ataona jina atasema "aah huyu yuko mbali sana, kule hata pikipiki inazama, bofya tena." Ukibofya tena mpaka wa mbali wapungue, umerudi kulekule kwa watu wa karibu na ghala, ila safari hii umetumia fomula. Na wa mbali ndo tunaowatafuta kwenye swali la salfa, kama imechelewa imechelewa kwao kwanza. Mimi huwa namwomba katibu wa chama mwenyewe abofye F9 mara moja, nagandisha hapo hapo mbele yake, ndipo tunasogeza shiti kwenda kolamu H. Tarehe, saa na aliyebofya tunaandika pembeni.

Nimebakiza moja ambayo fomula yoyote haiwezi kuwasaidia. RANK inazuia mstari usijirudie. Haijui mtu. Kama mwanachama mmoja kaandikwa mara mbili, mara ya kwanza na namba ya zamani kama Saidi, mara ya pili na namba mpya kama Said, kwa RANK hao ni wawili. Anaweza kutoka mara mbili kwenye wale 40, na hata asipotoka mara mbili nafasi yake ya kutoka angalau mara moja ni kama asilimia 24 wakati mwenzake ana 13. Kwa hiyo kabla ya RAND yoyote, safisheni rejista. Simu zinasaidia, wekeni zote kwa mtindo mmoja, zinazoanza na +255 na zinazoanza na 0 zisichanganyike, alafu kwenye kolamu tupu:

```
=COUNTIF($C$2:$C$313,C2)
```

Penye 2 au zaidi simameni muangalie. Lakini msifute mkiwa ofisini. Huku mume na mke wanatumia simu moja na wote ni wanachama halali, ukimfuta mke kwa sababu ya simu umemtoa mwanachama kwenye kofia. Mpigieni katibu, yeye anawajua kwa sura. Na majina peke yake yasiwadanganye, kuna majina humu yanafanana yote matatu na ni watu tofauti, ndo maana nimewaambia kwenye matokeo ianze namba ya mwanachama.

Mkono wa mwisho, mzee wangu. Anauliza, mkifika mkaambiwa huyu amefariki, au amehamia Masasi, au hataki kuhojiwa?

Aliyefariki hakutakiwa kuwa kwenye rejista, andikeni hivyo. Aliyehama andikeni amehama. Asiyekuwepo nyumbani rudini mara tatu, saa tofauti, jioni mojawapo, maana mwenye shamba mbali harudi saa nne asubuhi. Anayekataa mshukuruni, andikeni amekataa. Alafu mbadala wake msimchukue jirani kwa sababu yuko barazani amekaa, aliyekaa barazani saa nne ni mtu wa aina fulani, na mkiwajaza hao mtapata majibu ya watu wanaokaa barazani. Mbadala ni jina la 41 kwenye matokeo, la kwanza kwenye ile akiba. Akikosekana mwingine, ni wa 42. Kwa sababu zile namba zote zilivurugwa kwa pamoja, wa 41 alikuwa na nafasi sawa na wa kwanza, na hawezi kuwa mmoja wa wale 40. Mnakwenda kwa mpangilio, hamruki kwa sababu 43 yuko njiani na 42 yuko ng'ambo ya bonde. Na jina la yule wa mwanzo halifutwi kwenye karatasi, linabaki na sababu yake pembeni, maana mkirudi na watu tisa wa akiba kati ya 40 nataka nijue wale tisa walikuwa vitongoji gani.

Haya, fungueni laptopu. Rejista iko kwenye flashi, zungusheni. Nikimaliza chai nataka nione 48828 kwenye kila skrini.